Ikisiri Iliyopoteza Jibu

Katika maabara ya hospitali ile, mtu aliyekaa muda mrefu kuliko wote alikuwa mama mmoja mnene wa miaka hamsini na mmoja, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Watu walimwita Bi Darubini. Hakuna aliyekumbuka nani alianza kumwita hivyo, na yeye mwenyewe hakuona sababu ya kukataa. Kwa miaka ishirini na sita aliinamisha kichwa kwenye darubini ileile, iliyobanduka rangi pale vidole vyake vilipozoea kushika.

Bi Darubini alikuwa na tabia moja ambayo kazini ilikuwa sifa na nyumbani ilikuwa adhabu. Kila kitu alikihakiki mara tatu. Mrija wa damu ukifika, alisoma jina la mgonjwa kwenye mrija, akalisoma kwenye fomu, kisha akarudi kwenye mrija tena. Majibu aliyasoma akiyaandika, akayasoma yakishaandikwa, akayasoma tena kabla ya kuyatoa mlangoni. Kwa ajili hiyo hakuna mgonjwa aliyewahi kupewa majibu ya mtu mwingine kwa mkono wake, na hilo si jambo dogo. Wako wataalamu wenye vyeti virefu kuliko chake ambao hawawezi kusema hivyo.

Lakini mumewe, mwalimu mstaafu, alikuwa akiambiwa mara tatu azime jiko.

"Mama watoto," alisema siku moja, "mimi si mrija. Nimesikia mara ya kwanza."

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi uzime."

Tabia hiyo ndiyo iliyotaka kumponza Ijumaa ninayoisimulia.

Pale hospitalini palikuwa na mpeleka sampuli, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, baba wa watoto wanne, ambaye jina lake la kazini lilikuwa Ambulensi. Kazi yake ilikuwa kuchukua damu wodini na kuifikisha maabara, na aliifanya kwa mbio. Alishuka ngazi mbili mbili, mirija imejaa kwenye mifuko ya koti, ikigongana kama njugu kwenye kopo. Aliupenda mwendo huo, na Mganga Mkuu aliupenda zaidi. Juu ya mlango mkubwa, kwa rangi ya bluu, Mganga Mkuu alikuwa ameamuru yaandikwe maneno HUDUMA YA HARAKA KWA WOTE, na kila mgeni wa heshima akifika, Ambulensi alipitishwa mbele yake akikimbia.

Ila damu haipendi kutikiswa. Ikitikiswa sana, seli nyekundu hupasuka, na mrija ukishazungushwa kwenye mashine, yale maji ya juu ambayo yangekuwa na rangi ya majani makavu hutoka mekundu. Sampuli ya namna hiyo haifai. Ukiipima utapata majibu ya uongo, potasiamu itasoma juu wakati mgonjwa hana tatizo lolote. Mtaalamu mwaminifu huikataa, na mgonjwa huchomwa sindano upya.

Bi Darubini alikataa sampuli nyingi. Siku moja akamwona mama dirishani amembeba mtoto wa miaka mitatu, mtoto ameficha mikono yote miwili kwapani mwa mama yake, anachomwa kwa mara ya tatu. Siku hiyo aliamua kuhesabu. Kwa wiki sita alihesabu sampuli zilizoharibika Ambulensi akikimbia. Kisha akamtengenezea trei ya mbao yenye matundu, kila mrija na tundu lake, umesimama wima, akamwamuru atembee. Wiki sita nyingine akahesabu tena.

Wiki hizo sita zilikuwa ngumu kwa Ambulensi. Wauguzi walimpigia vigelegele akipita na trei yake taratibu kama bibi harusi. Mpishi alimuuliza kama amevunjika kiuno. Yeye alivumilia, na kila safari akaiandika kwenye daftari: saa ya kutoka wodini, saa ya kufika maabara, idadi ya mirija. Hakuruka hata moja.

Matokeo yalikuwa mazuri kupita alivyotarajia mtu yeyote. Wakati wa mbio, sampuli tisini kati ya mia sita na arobaini ziliharibika. Wakati wa kutembea, thelathini na tatu kati ya mia sita hamsini na tano. Kutoka asilimia kumi na nne hadi tano.

Mganga Mkuu alipoambiwa, alikuna kidevu. "Vizuri," alisema, "lakini kubadili utaratibu wa hospitali nzima kwa ajili ya trei ya mbao? Peleka kwanza kwenye mkutano wa wataalamu wa maabara. Wakikubali ikisiri yako, kila wodi itapata trei. Wasipokubali, Jumatatu ya mwisho wa mwezi tunarudi kama zamani."

Yaani mbio, na mirija mfukoni.

Ikisiri, kwa asiyejua, ni muhtasari wa utafiti. Waandaaji wa mkutano huusoma huo tu, kisha huamua kukuita au kukuacha. Wale waandaaji walikuwa na masharti: herufi zisizidi 1,500, na mwisho wa kutuma Ijumaa, saa kumi kamili alasiri. Bi Darubini aliandika wiki nzima. Alikata, akalia kidogo, akakata tena. Alifuta hata sentensi iliyosema kwamba kutembea kuliongeza dakika nne kwa kila safari, ingawa moyo ulimsuta, maana ulikuwa ukweli. Ijumaa asubuhi kompyuta ya maabara ilimwonyesha hesabu: 1,487. Akanywa chai kwa amani.

Saa sita na nusu mchana alifungua fomu ya mkutano mtandaoni, akabandika maandishi yake kwenye kisanduku. Chini ya kisanduku pakatokea namba nyekundu.

1,706.

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. 1,706. Akafuta kioo cha kompyuta kwa pamba yenye spiriti. 1,706.

Jirani yake wa meza ya pili, mtakwimu wa hospitali aliyeitwa Desimali kwa sababu namba haikumtoka kirahisi bila nukta, aliinuka kuangalia.

"Bi Darubini, ulihesabu pamoja na nafasi?"

"Nafasi gani?"

"Nafasi kati ya neno na neno. Kompyuta yako imekuonyesha hesabu bila nafasi. Fomu yao inahesabu kila kitu: herufi, namba, nukta, mabano na nafasi. Una nafasi mia mbili na kumi na tisa."

"Nafasi ni kitu kitupu! Wananihesabia hewa?"

"Wanahesabu hewa yote, asilimia mia nukta sifuri."

Zilizidi herufi 206, na zilibaki saa tatu na nusu.

Mtu mwenye busara angekaa peke yake na kukata. Lakini ikisiri ilikuwa na waandishi wanne: Bi Darubini mwenyewe, Desimali, Metroni wa wodi, na Mganga Mkuu, ambaye hakuhesabu hata mrija mmoja ila hospitali ilikuwa yake. Na fomu ilikuwa na kiboksi cha kutia tiki chenye maneno haya: *Nathibitisha kwamba waandishi wote wameidhinisha maandishi haya.* Wengine hutia tiki hapo bila kumwuliza mtu, wakalala usingizi mzuri. Bi Darubini hakuwa wa aina hiyo, na nasema hili kwa kumsifu, hata kama sifa hiyo ndiyo iliyomtoa jasho.

Akachapisha nakala tatu. Moja akampa Desimali. Moja akampelekea Metroni wodini. Ya tatu akaipeleka ofisini kwa Mganga Mkuu. Kila nakala ilikuwa na karatasi ndogo imebanwa juu: *Tafadhali kata kisicho cha lazima. Nirudishiwe saa nane. Tafadhali usichelewe. Saa nane.*

Saa nane nakala zilirudi zote. Bi Darubini alikaa kwenye kompyuta, karatasi tatu mbele yake, akaanza kufuta kila kilichopigwa mstari mwekundu. Hakusoma. Macho yake yote yalikuwa kwenye ile namba ya chini, akiitazama inavyoshuka kama mtu anayetazama homa ya mwanawe. Mganga Mkuu alikuwa amekata sentensi moja ndefu, herufi tisini na saba pamoja na nafasi yake. Metroni na Desimali kila mmoja alikata hamsini na tano. Saa tisa na dakika tano namba nyekundu ikageuka kijani.

1,499.

"Imeingia!" akapiga kelele. Desimali akasimama akampa mkono. Hata mashine ya kuzungusha damu ilikuwa imemaliza mzunguko wake wakati huohuo ikalia *pii*, ikawa kama nayo inapongeza.

Kilichomwokoa ni desturi. Pale maabara palikuwa na kanuni kwamba jibu lolote haliondoki mpaka mtu wa pili alisome kwa sauti. Bi Darubini hangeweza kuivunja hata kwa ikisiri. Na wakati huo Ambulensi alikuwa amefika mlangoni na trei yake, kwa mwendo wa heshima.

"Mdogo wangu, weka trei hapo, uje unisomee hii kwa sauti. Yote, mpaka mwisho."

Ambulensi alifuta mikono kwenye koti, akainama kwenye kioo. Alisoma vizuri, kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya posa. Alisoma utangulizi. Alisoma mbinu: wiki sita za mwendo wa kasi, wiki sita za trei. Akafika kwenye matokeo.

"'Matokeo. Tofauti kubwa ilionekana kati ya vipindi viwili.'" Akaitazama tena ile sentensi. Akaendelea. "'Hitimisho. Namna ya kusafirisha sampuli ni jambo la kuzingatiwa. Hospitali yetu inajivunia huduma ya haraka kwa wote. Utafiti zaidi unahitajika katika eneo hili.'" Akanyoosha mgongo. "Imeisha."

"Imekaaje?"

"Imekaa vizuri, dada. Tamu kabisa." Akakuna kichwa. "Ila nina swali."

"Uliza."

"Tuligundua nini?"

Desimali alisogea. Bi Darubini alisogea. Wakasoma wote watatu, vichwa vimegusana. *Tofauti kubwa ilionekana.* Tofauti ya nini? Ya damu? Ya viatu? Tofauti kubwa kwenda juu au kwenda chini? Katika herufi 1,499 hapakuwa na mahali palipoandikwa kwamba sampuli chache zaidi ziliharibika zilipotembezwa kwa trei.

"Mimi nilitembea wiki sita," alisema Ambulensi polepole. "Mpishi kaniita kiwete. Mke wangu kaniuliza kama nimehamishwa kitengo cha maiti. Sasa hapa haisemi kama ilisaidia au haikusaidia. Mtu akisoma hii anaweza kudhani niliharibu zaidi!"

"Nani amekata?" alifoka Bi Darubini. Akazinyakua karatasi tatu, na hapo ndipo alipojiona mwenyewe kama kwenye kioo.

Kwa mazoea yake, alikuwa ameandika jibu mara tatu. Mara ya kwanza kwenye matokeo, pamoja na namba. Mara ya pili palepale chini, kwa maneno. Mara ya tatu kwenye hitimisho, kukumbusha. Mganga Mkuu alikata ile ya kwanza na kuandika pembeni: *Limerudiwa chini.* Metroni alikata ya pili na kuandika: *Tayari limesemwa juu.* Desimali alikata ya tatu na kuandika: *Marudio. Angalia matokeo.* Kila mmoja alikuwa na nakala yake, kila mmoja aliona sentensi tatu za jibu akaondoa moja, na kila mmoja alikuwa sahihi kabisa akiwa peke yake. Na Bi Darubini aliwafutia wote kwa mkono wake, macho kwenye namba.

"Desimali, wewe ni mtu wa namba. Umekata jibu?"

"Nimekata theluthi moja ya jibu," alisema Desimali kwa uchungu. "Asilimia thelathini na tatu nukta tatu."

Saa tisa na dakika ishirini na mbili.

Bi Darubini alishika kipanya kama anayeshika shoka. Alirudisha ile sentensi ya kwanza, yenye namba, aliyoikata Mganga Mkuu: *Sampuli zilizoharibika zilipungua kutoka 90 kati ya 640 (14%) hadi 33 kati ya 655 (5%), p<0.001.* (Ile p ya mwisho ni lugha ya watakwimu: tofauti hiyo si ya bahati tu.) Namba ikawa nyekundu: 1,596.

"Irudi moja tu," alijiambia. "Moja. Wala si mbili."

Akafuta *Tofauti kubwa ilionekana kati ya vipindi viwili*, na hakuna aliyeililia, kwa sababu tofauti yenyewe sasa ilikuwa imeandikwa. 1,547. Akafuta *Utafiti zaidi unahitajika katika eneo hili*. Desimali akashtuka kama kakanyagwa.

"Hiyo haiguswi! Kila ikisiri inayo!"

"Ndiyo maana. Wanajua kuisoma hata tusipoiandika."

1,503. Zilizidi herufi tatu.

Ni ajabu jinsi herufi tatu zinavyoweza kumnyanyasa mtu mzima mwenye wajukuu wawili. Walisaka nafasi mbilimbili baada ya nukta, hawakuzipata. Desimali alipendekeza "asilimia" igeuzwe alama, lakini ilikuwa alama tangu asubuhi. Ambulensi, kwa moyo mwema, alipendekeza badala ya sampuli 640 waseme 64.

"Hiyo ni kudanganya," alisema Bi Darubini.

"Ni herufi moja tu, dada."

"Ni wagonjwa mia tano sabini na sita."

Macho yake yalikuwa yameshatua pale alipokuwa akiogopa yatue. *Hospitali yetu inajivunia huduma ya haraka kwa wote.* Sentensi hiyo hakuiandika yeye. Mganga Mkuu aliiingiza tangu rasimu ya kwanza, kwa kalamu ya wino. Haikuwa utangulizi, haikuwa mbinu, haikuwa matokeo, na kama hitimisho ilipingana na kila mrija uliohesabiwa. Ilikuwa na herufi hamsini na mbili za majigambo, na nafasi moja.

Angeweza kuifuta kimya kimya na kutia tiki. Mganga Mkuu asingejua mpaka wiki ijayo, pengine asingejua kabisa. Watu wengi huita hiyo akili. Mimi naiita wizi mdogo, na Bi Darubini naye aliuita hivyo, maana alitoa mkono kwenye kipanya.

"Lazima aidhinishe," alisema. "Yuko wapi?"

"Nimemwona anaelekea karakana kukagua jenereta," alisema Ambulensi. "Ng'ambo ya uwanja."

Bi Darubini alitazama saa. Tisa na dakika thelathini na tano. Akamtazama Ambulensi mikono.

"Mdogo wangu, una damu yoyote?"

"Sina, dada. Trei iko mezani."

"Mfukoni?"

Akageuza mifuko nje. Ilikuwa mitupu.

"Basi kimbia."

Uso wa Ambulensi uling'aa kama wa mfungwa aliyefunguliwa lango. Wiki sita! Alitoka mlangoni kama jiwe kwenye manati. Wauguzi waliokuwa koridoni walijibana ukutani. Mpishi alimwona kwenye dirisha la jiko akatoa kichwa nje: "Kiuno kimepona?" Hakujibiwa.

Dakika tisa baadaye Mganga Mkuu aliingia maabara akihema, tai imegeukia mgongoni, na nyuma yake Ambulensi ambaye hakuhema hata kidogo. Metroni naye alikuja, baada ya kuona Mganga Mkuu akipita wodi kwa mbio na kudhani hospitali inaungua.

"Kuna nini?" aliuliza Mganga Mkuu. "Huyu kaniambia ni suala la uhai."

"Ni suala la herufi, Daktari," alisema Bi Darubini, akamweleza: jibu lilivyopotea, lilivyorudi, herufi tatu zilizozidi, na sentensi anayotaka kuiondoa.

Mganga Mkuu aliisoma sentensi yake kwa upendo. "Hiyo hapana. Kata kitu kingine. Kata hizi namba. Andika 'zilipungua sana', yatosha."

"Daktari, 'sana' ni kiasi gani?"

"Sana ni sana."

"Mgonjwa akikuuliza ameze vidonge vingapi, utamwambia sana?"

Metroni alikohoa kuficha kicheko. Mganga Mkuu alimtazama, naye Metroni akaacha kukohoa.

"Bi Darubini, wewe hujanielewa. Maneno yale yako ukutani, juu ya mlango. Kwa rangi ya mafuta. Wewe unataka kuwaambia wataalamu wote kwamba haraka yetu ndiyo iliyokuwa ikiharibu damu. Kwa hiyo ukuta wangu ni uongo?"

Hapo palitaka hekima, na Bi Darubini, ambaye kwa kawaida angejibu kwa hotuba ya sehemu tatu, alitazama saa ya ukutani: tisa na dakika arobaini na saba. Hapakuwa na nafasi ya sehemu tatu.

"Ukuta hauna ukomo wa herufi, Daktari. Ukiona nao umejaa, utaongeza mwingine. Huku tuna elfu moja na mia tano, na watoto wanachomwa mara mbili."

Mganga Mkuu alifungua mdomo. Ambulensi akamtangulia.

"Mheshimiwa, niseme kidogo. Haraka ilikuwa yangu mimi, siyo ya ukuta. Mimi ndiye niliyekuwa nikizigonga mfukoni. Kama kuna aibu, ni ya miguu yangu, na mimi nimeikubali iandikwe. Ukiitoa namba, basi nilitembea bure. Nirudishie wiki zangu sita."

Mganga Mkuu alinyoosha tai yake, ikachukua muda kwa sababu ilikuwa mgongoni.

"Futa," alisema hatimaye.

Bi Darubini akafuta. 1,450. Kijani.

"Zimebaki hamsini!" Desimali aliruka. "Rudisha 'Utafiti zaidi unahitajika'! Inaenea!"

"Hapana," alisema Bi Darubini. Akaandika sentensi ile iliyokuwa ikimsuta tangu alipoifuta: *Kila safari ya mpelekaji iliongezeka dakika nne.* Namba ikasimama kwenye 1,499. "Daktari alikuwa na haki ya kuuliza kuhusu haraka. Hili ndilo jibu lake. Kama tunasema faida, tuseme na gharama."

Mganga Mkuu aliisoma, akatikisa kichwa taratibu. "Dakika nne tu?"

"Nne tu. Kutoka kwenye daftari la Ambulensi."

"Basi sawa," akasema, na sauti yake ilikuwa imepoa kuliko alivyokusudia. Kisha akakumbuka kitu. "Na vyeo vyangu? Navyo mmevikata?"

"Majina ya waandishi yana kisanduku chake, Daktari. Hakihesabiwi."

"Hakihesabiwi?"

"Hakina ukomo."

Nitasema ukweli kuhusu kilichofuata, ingawa simsifu mtu. Mganga Mkuu alivuta kiti, akakaa mwenyewe kwenye kompyuta, akaandika kwenye kisanduku cha waandishi shahada zake zote, vyeti vya semina tatu, uenyekiti wa kamati ya usafi, na ulezi wa timu ya mpira ya wafanyakazi. Aliandika kwa vidole viwili. Saa ilifika tisa na dakika hamsini na tatu. Metroni alianza kusali kwa sauti ya chini. Alipokuwa akitafuta mahali pa kuweka "mstaafu mtarajiwa", Bi Darubini alimnyang'anya kipanya kwa adabu kubwa.

"Bado jina moja," alisema. Akaongeza mwandishi wa tano: jina kamili la Ambulensi, ambalo watu wengi mle ndani walikuwa wakilisikia kwa mara ya kwanza. Kwenye cheo akaandika: *Mpeleka sampuli.*

"Dada, mimi?"

"Nani kaandika safari zote? Nani kasoma akaona jibu halimo? Sisi wanne wenye vyeti tulilipoteza. Unaidhinisha maandishi haya?"

Ambulensi aliangalia kioo, midomo ikitembea. Alisoma matokeo yote, namba kwa namba.

"Naidhinisha."

"Daktari?" "Naidhinisha." "Metroni?" "Tuma, mama, utaniua!" "Desimali?"

"Kwa asilimia tisini na tisa nukta—"

"Ndiyo au hapana?"

"Ndiyo."

Akatia tiki, kwa dhamiri safi. Saa tisa na dakika hamsini na sita akabonyeza. Kioo kikafikiri kidogo, kisha kikaandika: *Ikisiri yako imepokelewa.*

Mkono wake ulitaka kubonyeza mara ya pili, kwa mazoea, kuhakikisha. Aliukalia.

Jioni hiyo alifika nyumbani amechoka. Mumewe alikuwa anapika. Alimweleza yote kwa sentensi nne, na mzee wa watu akageuka na mwiko mkononi kumtazama kama anaumwa.

"Mama watoto, ndiyo imeisha hivyo?"

"Imeisha."

"Hurudii?"

"Zima jiko," alisema, akakaa. Akasubiri. Hakusema tena. Na jiko lilizimwa.

Jibu la mkutano lilikuja wiki moja kabla ya ile Jumatatu. Ikisiri ilikubaliwa, isomwe mbele ya watu. Msomaji wao mmoja alikuwa ameandika maoni mawili. La kwanza: *Matokeo yako wazi na waandishi wametaja gharama, jambo ambalo ni nadra.* La pili: *Mwandishi wa nne apunguze vyeo.*

Seremala akatengeneza trei kumi na moja, moja kwa kila wodi. Jumatatu ilipofika Ambulensi alishuka ngazi na trei mikononi, moja moja, mgongo umenyooka. Mlangoni, chini ya yale maandishi ya bluu, mgeni mmoja wa heshima aliyekuwa ameahidiwa kuonyeshwa mbio alimwita, "Bwana, mbona polepole?"

"Dakika nne tu, mheshimiwa," alisema Ambulensi bila kusimama. "Imeandikwa."